Kesho saa ine naenda kununua aifoni ya okazyo mu Birere, mbele ya kutoa pesa niangalie nini?

ZiwaKivu22

Jambo kwenu bote humu. Kuna kijana hapa Goma, mu Birere, anauzisha aifoni 11, GB 64, anaomba dola 150. Mu magazini moja pembeni ya Signers waliniambia 210 na hawakutaka hata kupunguza tano, donk munaona wenyewe namna roho inaruka. Nilishaishika jana magaribi, ekra inawaka muzuri, kamera safi, batri inaandika 100%. Anasema ni ya kaka yake mwenye eko Kampala. Kitu kimoja tu, alisema nisiiformate juu picha za kaka yake zingine ziko bado ndani, atazitoa pole pole kisha atanipigia.

Hii pesa ni ya miezi ine ya kuuzisha sambaza na mama, si pesa ya mchezo. Kesho saa ine asubuhi tunaonana. Mwenye anajua aniambie niangalie nini, lakini mwepesi, juu mi si fundi.

MwanaKadutu

Bei iko muzuri hiyo, usichelewe mwingine asikupite. Batri 100% maana haikutumika sana. Ufanye hii:

```
*#06#
```

nimero zikitoka ni orijinali na haijaibiwa. Basi unalipa unaenda. Mi ya kwangu nilinunuaka vile vile hapa Bukavu na mpaka leo inatembea.

FundiTurnevisi

Mudogo wangu ZiwaKivu, mi niko natengeneza telefone tangu zile za kubonyeza, na nakuomba kitu kimoja, kesho uende lakini pesa ibaki ku nyumba kwa mama. Uende na simkadi yako, ka pini ka kufungulia sim, torshi na telefone ingine yenye iko na mega ya kushea. Pesa itakuja kisha.

Ile neno «usiiformate» njo imenifanya niandike. Muntu mwenye telefone ni yake, kuformata mbele yako si shida, picha anazitoa na kebo mbele ya kufika. Mwenye anakukataza anajua nini itatokea. Utaformata, itawaka, itaandika Hello na maua yake yote, utaweka wifi, halafu itasimama ku ukurasa wenye umeandikwa iPhone Locked to Owner na itaomba konti ya mwenyewe. Pale hakuna fundi wa Birere, hakuna wa Kampala, hakuna wa Dubai. Ile kufuli haiko ndani ya telefone, iko kule ku Apple, imeandikwa pamoja na nimero ya telefone yenyewe. Unaweza badilisha ekra, batri, kifuniko, uformate mara mia, siku itafika ku internet inaulizaka kule kwanza, na kule banajibu hapana. Iko vile tangu 2013.

Sasa ndugu wa Kadutu, usinikasirikie. *#06# inaleta IMEI, ni nimero ya telefone, inatoka hata ku telefone yenye iliibiwa jana usiku. Faida yake ni kulinganisha: ile inatoka pale ifanane na ile iko mu Settings > General > About, na ile iko ku kartoni kama kartoni iko. Zikiachana, kuna muntu alifungua ile telefone na akachanganya vitu. Ni ile tu. Kama imefungwa ao haifungwe haikuambie. Zamani Apple walikuwaka na ukurasa wa kuangalilia ile kufuli na IMEI, walishautoa 2017, donk mwenye atakuambia «nilishaangalia ku internet iko safi» umuulize aliangalia wapi.

Kuhusu batri 100% nitarudia, niko na mukiriya hapa.

MwanaKadutu

Lakini fundi, kama imefungwa, inawakaka namna gani na anaitumia? Alisema aliishika, kamera inafanya, kila kitu.

FundiTurnevisi

Swali muzuri. Inafanya juu mwenye konti bado eko ndani, ao juu kuna muntu aliruka ile ukurasa na kompyuta. Kutoka aifoni 5s mpaka X kuna njia, tangu 2019, banaingia na kompyuta banapita pembeni ya kufuli, telefone inafunguka, inacheza video, lakini mara mingi haipigi simu, na ukiformata ao ukifanya apudeti kufuli inarudi palepale. Donk ukisikia «usifanye apudeti» ku aifoni 8 ao X, ujue ni ile. Ya 11 njia ile haiingie, kwa hiyo ya mudogo nafikiri konti ya muntu iko tu ndani. Ni ya kaka yake kweli ao ni ya muntu mwenye analia mahali, mi sijui, na wewe pia huwezi jua kwa kuangalia uso wa kijana.

Kesho ufanye hivi, na uifuate kwa laini juu ukiformata kwanza kuna vitu hutaviona tena mpaka uanze upya. Telefone iwe bado mu mikono yake, ufungue Settings. Pale juu kabisa kama kuna jina la muntu, ni konti. Kama juu kuna mustari mudogo wenye unasema This iPhone is supervised and managed by na jina la kampuni ao shule, urudishe telefone, usiulize hata bei, ile ni ya kazi ya muntu na siku moja kampuni itaizima.

Kisha unamuambia: toa konti. Anabonyeza jina lake, anashuka chini, Sign Out, inamuomba modpasi, anaiandika yeye mwenyewe na kidole chake. Usikubali akupe modpasi ukaiandike nyumbani, na usiweke konti yako mbele ya yake haijatoka. Akisema modpasi eko nayo kaka wa Kampala, hakuna shida, kaka aingie ku iCloud.com/find na telefone yake kule, aifute hii kwa mbali, kisha aitoe ku konti yake. Dakika tano ukiwa na rizo. Kaka wa kweli mwenye anataka dola 150 atafanya. Mwenye hapatikani ku simu siku ya pesa, bon.

Konti ikitoka, Settings > General > Transfer or Reset iPhone > Erase All Content and Settings. Inazima, inawaka, Hello. Ku Hello njo bantu banadanganyikaka, banaona Hello banafurahi banalipa. Hello bila internet haiseme kitu. Uweke mega ya telefone yako ile ingine, uendelee mpaka ufike ku ukurasa wenye iko na ikoni zote. Ukifika pale bila kuombwa konti ya muntu, na bila kuona neno Remote Management, upande wa kufuli umepita. Uweke simkadi yako upige, uongee. Mu General > About kuna pia Carrier Lock, itakiwe iandike No SIM restrictions.

Kahindo_Majengo

Fundi samahani, yangu ni Tecno, nilisahau modpasi ya Google nikaiformata na vidude vya pembeni na sasa inaomba konti ya zamani. Naifungua namna gani? Nakaa Majengo.

FundiTurnevisi

Mama ao dada Kahindo, uzi huu ni wa kununua, lakini yako inafundisha bote. Ile njo kufuli ya Google, iko ku androidi tangu 2015. Ukiformata na vidude vya pembeni, telefone inafikiri umeiiba. Ukitaka kuformata siku ingine, kwanza utoe konti mu Settings, utoe na kodi ya ekra, kisha uformate kutoka ndani ya Settings. Ya sasa, uingie ku ukurasa wa Google na telefone ingine, urudishe modpasi kwa njia ya nimero yako ya simu, kisha ungoje siku moja mbele ya kuiandika ku Tecno juu modpasi mupya wakati ingine inakataliwa palepale. Mwenye atakuomba dola 15 ya kuifungua na kompyuta mu soko, njo yuleyule anafungulia na bale bezi.

Kahindo_Majengo

Ni dada. Asante. Nimero yenye iko ku ile konti nilishaiachaka tangu 2022.

MamaMapasa

Bandugu mi naleta yangu ya maji juu naona hakuna mwenye ameisema. Mwaka jana nilinunua Samsung ya okazyo kwa kijana mupole kabisa, inangaa, kifuniko kipya, ekra kama kioo cha kanisa. Wiki mbili, oparlere ikaanza kuongea kama muntu mwenye mafua. Wiki ine, sharje inaingia na kutoka. Nikaiweka mu muchele siku tatu kama vile bantu banasemaka, nikaitoa, ikafanya siku mbili ikazima kabisa. Fundi mwenye aliifungua akanionyesha ndani kijani kijani kama sarafu ya zamani. Ile maji haikuwa yangu hata kidogo, mi sijaiangusha. Namna gani ningejua mbele?

FundiTurnevisi

Pole mama. Muchele hauna kazi pale, maji yanakauka yenyewe hata ku meza. Yenye inaua si maji, ni ile chumvi na uchafu wenye maji yanaacha ku chuma, na kama batri iliendelea kutuma umeme pale ndani njo kutu ya kijani inakula laini pole pole. Juu ya ile telefone ya maji inaweza fanya mwezi muzima ukisema imepona. Mwenye anaiuzisha anajua mwezi haujafika.

Ya kuangalia ni kidogo. Uzime telefone, utoe kile kasahani ka sim, uangalize torshi ndani ya lile shimo. Ku aifoni zote kutoka 5 zenye ziko na kasahani ka sim, na Samsung mingi, kuna kapapiye kadogo ndani, ni keupe. Maji yakikagusa kanakuwa kekundu. Unyevu wa hewa ya kawaida haukabadilishe, hata hapa kwetu na mvua hii yote, donk mwenye atakuambia «ni baridi ya Goma tu» usimusikie. Lakini uangalize vizuri: bale bapapiye banauzishwa, muntu anabandika kapya. Kapapiye keupe pe pe pe kama karatasi ya shule ndani ya telefone ya myaka tano yenye vumbi pembeni, mi inanitia mashaka kuliko kekundu, juu kekundu angalau hakadanganye.

Kisha shimo ya sharje, torshi tena. Vile vimeno vya ndani vinangaa rangi ya zahabu. Ukiona kijani, ao weupe kama unga, ao cheusi chenye kimekula, telefone ilikunywa. Na vitri ya kamera, uielekeze ku taa, uangalie kama kuna ukungu ao madoa ndani yenye haipangusike. Urekodi sauti yako unyamaze ujisikilize. Ile oparlere ya mafua ungeisikia siku ya kwanza, mama.

MamaMapasa

Siku ya kwanza nilikuwa mu soko ya Virunga, kelele ya mapikipiki, nani angesikia. Haya.

LushoiMupole

Nawasalimia kutoka Lubumbashi. Fundi maneno yako ni kweli lakini yangu mi nilifanya yote ile na bado nikalia, sikilizeni. Nilinunuaka Samsung kwa mutu mwenye anazitoaka ng'ambo ya Kasumbalesa. Nikatoa konti, nikaformata, nikaweka internet, nikapita mpaka mwisho, safi. Nikalipa. Wiki ya tatu asubuhi nawasha, ekra muzima imeandikwa kwa kizungu eti nilipe deni, na simu ya kampuni pale chini. Deni gani? Mi paka nashangaa. Kumbe ile telefone mutu aliichukuaka ku mkopo kule, analipa kila wiki, akalipa mara mbili ya kwanza, akauzisha, akaacha kulipa. Siku nilinunua deni lilikuwa bado sawa, njo maana haikufunga.

FundiTurnevisi

Yaya wa Lubum, hii njo mahali mi mwenyewe sina jibu la kumaliza. Kufuli ya mkopo iko kama ya Apple, imefungwa na IMEI kule ku kampuni, kuformata haiitoe, ku Samsung inaitwa Knox Guard. Wakati mwenye analipa imelala. Ukitaka kuitafuta, kisha ya kuformata na kuweka internet, ku ile utafutaji ya Settings uandike Device admin, uangalie kama mu orodha kuna programu ya kampuni yenye inakataa kuzimwa. Na usome zile kurasa za kwanza zote, usiseme Next Next Next, wakati ingine inaandika palepale kama telefone ni ya kampuni ya mkopo. Lakini inaweza pia kujificha kabisa. Yenye imebaki ni kartoni na fakitire. Telefone ya mupya mupya, ya mwaka huu, bila kartoni, kwa nusu bei, mi siigusi.

LushoiMupole

Fakitire nayo banaandikaka tu na bik.

FundiTurnevisi

Kweli.

DadaEkra

Mi nauzisha ma ekra, naomba ku ekra munipatie nafasi juu fundi najua atasema kila ekra ya kopi ni mubaya.

ZiwaKivu, ku 11 ekra yake ni LCD tangu ku kiwanda, donk hutaweza kuijua kwa rangi. Uende mu General > About, ushuke mpaka kwenye imeandikwa Parts and Service History. Kama hauoni ile sehemu kabisa, mara mingi ekra ni ya kwanza. Ukiiona na mbele ya Display imeandikwa Unknown Part, ekra ilibadilishwa, mara mingi na ya kopi. Angalia pia kama mu Settings > Display & Brightness kuna True Tone, ikikosekana ni alama ileile. Ile sehemu inakuja tu kama iOS ni 15.2 ao ya juu zaidi, kwa telefone yenye haijaapudetiwa usitegemee.

Kugusa unajaribu hivi: ufinye ikoni moja mpaka ianze kutetemeka, usiachie, uitembeze ekra muzima pole pole kama unapangusa meza, kona zote, na pembeni kabisa. Mahali ikoni inaanguka bila wewe kuiachia, pale kidole hakisikike. Kisha upige simu, uweke ku sikio, ekra izime, uitoe, iwake. Ekra mingi za bei chini zinakosa pale.

Samsung zenye ziko na AMOLED ni tofauti, kule kopi inajulikana mu giza. Utafute picha nyeusi kabisa, uingie ndani ya duka ao ujifunike na koti, mwangaza juu. AMOLED ya kweli nyeusi ni nyeusi kama haiwake. Kopi ya LCD inatoa ka mwangaza ka majivu. Na ile ya alama ya kidole chini ya ekra, ku kopi ya LCD haifanyi kabisa.

Lakini kopi si dhambi. Muntu mwenye anaangalia watsapu na kupiga, ekra ya dola 25 inamufanyia kazi miaka miwili. Unaomba tu bei ishuke.

FundiTurnevisi

Miaka miwili kama haianguke, dada, na yenye inaanguka ni yote. Kopi inakunywa batri pia, na ile gundi ya kuzuia maji mukifungua harudishi mutu. Lakini sawa, tulishabishana hii mara ngapi.

Batri sasa, nilikuwa nilisahau. Aifoni 11 ilitoka 2019. Batri yake ya kwanza ikiandika 100% leo ni kama muzee wa myaka 80 mwenye meno yote. Inawezekana, lakini ni ya kubandika. Apple wenyewe banasema batri ya zile zamani inapanga kubakia 80% kisha ya mizunguko 500 ya sharje. Donk kuna mambo mawili: batri ilibadilishwa, na pale About itaandika kitu ku Battery, ao fundi alitoa kile kipande cha batri ya zamani akakibandika ku mupya na akaandika 100 na mashini, na pale About inanyamaza. Nimero usiiamini, uamini mwenendo. Iwe haiko ku sharje, uandike pembeni iko ngapi, mwangaza juu mpaka mwisho, video ya dakika ishirini huku munaongea bei. Ikishuka tano hivi, mi naridhika. Ikishuka kumi, ao ikiruka, toka 46 unaona 39 kwa mara moja, batri imechoka. Kisha ufungue kamera urekodi na torshi imewaka, batri mubaya inazima pale pale juu haiwezi toa nguvu kwa mara moja. Na uilaze ku kioo, uifinye pembeni, ekra ikionekana imenyanyuka hata unene wa ukucha, batri imevimba, uiache.

MwanaKadutu

Dakika ishirini mu Birere mwenye kuuzisha atakuacha aende kwa mwingine.

FundiTurnevisi

Aende.

ZiwaKivu22

Nimerudi bandugu, niandike haraka umeme haujakata.

Nilienda bila pesa kama fundi alisema. Settings juu kuna jina la mwanamuke. Nikauliza, si ulisema kaka? Akasema ni bibi ya kaka. Sawa. About, Display Unknown Part, batri kimya. Papiye ya maji nyeupe, ya kawaida, na vumbi kidogo. Video dakika kumi na tano, toka 58 mpaka 49, na ilikaa ku 53 murefu kisha ikaruka 50. Nikamuambia basi tupigie bibi ya kaka atoe konti kwa mbali, mi nitangoja na nitakulipia mega. Akapiga, eti haishike. Akapiga tena, sikusikia hata inaita. Akaniambia nimupe 100 nichukue vile iko. Nikamushukuru nikaenda. Nyuma akapaza sauti 80! Roho iliuma kidogo ku 80, sitadanganya.

Sasa mbele kidogo, kwa papa mmoja mwenye ana ka meza ka telefone pembeni ya barabara, nikaona Samsung A52, anaomba 110. Yeye akatoa konti yake mwenyewe bila mimi kumuomba, akaformata, nikaweka mega yangu, nikapita mpaka ikoni zote. Device admin hakuna kitu ya ajabu. Kartoni iko, IMEI inafanana. Papiye ya maji nyeupe, shimo ya sharje inangaa. Nikafanya na ile kodi ya Samsung ya kujaribu yenye nilionaka mahali:

```
*#0*#
```

nyekundu, kijani, bule, kila rangi ikajaa bila doa, na Touch nikapita ma kare yote yakageuka. Nikajifunika na koti ya papa, DadaEkra utacheka, picha nyeusi ikaonyesha majivu. Nikaenda ku alama ya kidole, haikubali. Nikamuambia papa ekra ni kopi. Akasema «wewe mutoto unatoka wapi», akacheka, tukabishana mpaka 85. Video dakika ishirini toka 74 mpaka 70. Nikarudi nyumbani kuchukua pesa, nikalipa, ninayo hapa njo naandikia.

Nilifanya muzuri ao?

DadaEkra

85 na kopi inayogusa yote, muzuri. Orijinali utaiweka siku ingine ukitaka kidole.

FundiTurnevisi

Upande wa konti na maji uko sawa, pale nakusifu. 85 mi ningebaki ku 70, juu A52 ilitokaka na kinga ya maji ya IP67 na hii ilishafunguliwa, ile kinga ihesabu haiko. Mvua ikinyesha uiingize mu sashe. Na kama yaya wa Lubum alisema, wiki tatu za kwanza uwashe internet kila siku, kartoni usiitupe.

ZiwaKivu22

Sawa fundi. Mama anauliza kama yule papa ana ingine.

Kahindo_Majengo

Mi nauliza ile ya kijana ya 80 iko bado? Niichukue tu kwa ma piyesi, kamera na kifuniko.

FundiTurnevisi

Dada Kahindo, na yule mwanamuke mwenye jina lake liko pale juu?

Kahindo_Majengo

Bon, niache kwanza nifungue Tecno.